Namba za Mama Elifuraha

Saa tisa na nusu alasiri Nosim alikuwa bado anabishana na simu. Chuo cha ushonaji cha Njiro kilikuwa kimempigia asubuhi: nafasi yako ipo, maelezo tumekutumia kwa barua pepe, jibu kabla ya saa kumi, la sivyo tunampa mwingine. Simu yake ya zamani ilishapasuka kioo, hii mpya ilitaka paswedi ya barua pepe, na paswedi alishaisahau. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Darasa lake la jioni pale Elerai lilimfundisha kusoma Kiswahili vizuri sana. Kiingereza walisema ni muhula ujao.

Basi akawa anabonyeza kitufe cha bluu. Kila akibonyeza, vinatokea visanduku vya kujaza, naye anasubiri. Hakuna kinachoingia.

Kwenye kochi mkwewe, Mama Elifuraha, aliyekuja toka Kikwe kumwona mjukuu, alikuwa anachambua maharage. Kitochi chake, kisimu cha vitufe, kikalia. Akakitazama, akabonyeza, akacheka.

"Matapeli wa leo wana bidii! Huyu wa nne. Wananiletea Kizungu na namba, nafuta."

Nosim hakumsikiliza. Alikuwa ameona kitu anachoweza kusoma: nukta nyingi, kisha 47. Namba yake inaishia na 12. Sasa hii 47...

Akainua macho taratibu. Siku anafunguliwa barua pepe laini yake ilikuwa imepotea. Akaweka ya nani?

"Mama, namba yako si inaishia arobaini na saba?"

"Unataka kunitumia hela?"

"Mama! Hao matapeli ni mimi!"

Mama Elifuraha akaacha maharage. "Nilimwambia mwanangu Elifuraha, binti mzuri, lakini mchunguze."

Nosim alicheka huku machozi yakimlengalenga. Zimebaki dakika ishirini. Akabonyeza tena, kitochi kikalia. "Usifute! Nisomee namba."

"Thubutu. Redio imesema namba hizo usimpe mtu yeyote."

"Ni mimi niliyeiomba, mama."

"Tapeli naye angesema hivyo hivyo." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu yako. Namba simpi mtu, naingiza mwenyewe."

Akageukia ukutani, akaziba kwa kiganja, akadonoa tarakimu sita moja moja. Simu iliporudi ilikuwa na visanduku viwili vitupu. Hapo hakuhitaji mkalimani: akaandika paswedi mpya, akairudia chini yake, akabonyeza bluu.

Barua ikafunguka, ya Kiswahili. Alijibu saa kumi kasoro dakika sita.

"Wanasemaje?"

"'Ndugu Nosim, karibu chuoni. Masomo yanaanza Jumatatu, saa mbili asubuhi.'"

"Jumatatu hii? Na Princess unamwachia nani?"

Nosim akamtazama mtoto. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Nakuuliza tu," mkwewe alisema, akimnyanyua mtoto toka mkekani na kumfunga mgongoni kwa khanga. "Mwambie mumeo Kikwe sirudi wiki hii."