Uso Usioyeyuka

Nilikigonga kile kichwa cha sanamu shavuni kwa kifundo cha kidole, kikalia kama chungu. Nikagonga shavu la pili, kikalia vilevile. Udongo mbichi haulii, hata ukauke namna gani. Ukiugonga hujibu dufu, basi. Kinacholia ni kilichopita motoni. Nikageuka kumtazama baba, naye akajifanya anatafuta brashi iliyokuwa mkononi mwake.

Asubuhi ile ndiyo nilikuwa nimtie macho Durga, mungu wa kike wa Wahindu. Nilikuwa sijala tangu jana yake, nimeoga, nimefunga nywele, nimechanganya masizi na gundi ya mbegu za ukwaju mpaka wino ukawa mzito. Mwili wake ulikuwa umesimama tayari katikati ya karakana: mianzi na nyasi ndani, udongo juu, mikono kumi imetanda, simba chini, na lile zimwi la nyati likikodoa macho chini ya mkuki. Kilichobaki ni kichwa kukaa shingoni na macho kukaa usoni.

Karakana yetu ilikuwa nyuma ya mtaa wa maghala, karibu na mto, nayo ilihudumia watu wa kila namna. Mtunza kanisa alikuja kuagiza Maria wa plasta, na kila alipokuja alitukumbusha, kana kwamba tumebisha, kwamba huyu si mungu wa kike: wao humheshimu na kumwomba awaombee, hawamwabudu. Mshonaji wa ng'ambo ya barabara alinunua sanamu ndogo za Kuan Yin, mungu wa huruma wa Wachina, tulizozichoma kwenye tanuri. Alituambia jina lile maana yake ni asikiaye vilio vya dunia, na kwamba katika picha za zamani sana alikuwa mwanamume. Mama akamuuliza ilikuwaje akawa mwanamke. Mshonaji akafikiri, akasema labda vilio vilizidi. Wakacheka wote wawili hadi wakashika mbavu.

Hao walikwenda majumbani kwa watu wakakaa miaka. Durga wetu wa kila mwaka peke yake ndiye aliyeagizwa afe. Samahani, mama angenikanya hapo. Aliagizwa aondoke.

Na mama, niseme tu bila kuzungukazunguka, alitoka kwenye nyumba zile ambazo wanaume huingia huku wamefunika nyuso. Baba alimkuta mlangoni kwake. Ni desturi ya kazi hii: katika udongo wa Durga lazima uchanganywe udongo kidogo kutoka kizingiti cha nyumba kama ile, na lazima uombwe kwa mdomo na kupokewa mkononi, ukiuchota mwenyewe haufai. Kwa nini, kila mtu ana lake. Kuna wasemao mwanamume huacha wema wake mlangoni kabla hajaingia. Mama aliwaona hao ni wapambaji maneno. Yeye alisema Mama wa wote hakamiliki mpaka waliotupwa nje nao wamo mwilini mwake. Baba alikwenda kuomba udongo, akarudi mwaka uliofuata, na mwaka wa tatu akaomba mwenye mlango.

Wanawake wa kamati ya ibada walilijua hilo. Mwenyekiti wao, mjane wa mwenye maduka, mwanamke wa shingo ndefu na sauti ya chini, alikuwa akija kukagua kazi na kumsalimia baba, kunisalimia mimi, hata kumsalimia paka. Mama, wakishakutana macho, alikuwa akipisha nyuma ya pazia. Miaka yote ile, salamu moja hakupata. Na miaka yote ile macho waliyoyasujudia yalitiwa na mkono wa mama, kwa sababu wa baba ulitetemeka, nao hawakuwa na habari.

Nikiwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini tuhangaike miezi mitatu kwa kitu kitakachotoswa majini baada ya siku tano. Alikuwa akibandika vitambaa kwenye nyufa za mkono wa saba.

"Akibaki atakuwa chombo chetu," alisema. "Tutamfuta vumbi, tutamzoea, mwisho tutamwekea ndoo miguuni. Akienda, ndipo tunajua alikuja kwa hiari yake."

Akaniambia na habari ya zimwi. Lilikuwa limeomba lisiuawe na mungu wala mwanamume, likapewa. Mwanamke halikumtaja hata, lilimwona si kitu. Miungu wote wakashindwa. Ndipo mng'ao wa hasira zao ukakusanyika ukawa mwanamke, kila mmoja akampa silaha yake. "Lakini usifikiri wao ndio waliompa nguvu," mama akasema. "Wanaomwabudu wenyewe wanasema nguvu ndiyo yeye. Walikuwa wakimrudishia vyake."

Mama alifariki mwanzoni mwa mvua, kwa homa ambayo Jumatatu tuliiita mafua na Ijumaa hatukuwa na jina la kuiita. Baba hakulia. Alikwenda kwenye udongo. Wiki nzima alifinyanga uso mmoja, akauvunja, akaufinyanga, na mimi nikamwacha, maana mtu aliyefiwa haulizwi anafanya nini. Alipomaliza akautolea kalibu ya plasta, na ndani ya kalibu akakandamiza uso wa Durga wa mwaka ule. Nilipouona nikamtambua mama. Ilikuwa ni ile nyusi moja iliyopanda kidogo, na kishimo cha kidevu. Nikadhani nimeelewa: anataka wale wanawake wampigie magoti. Nikamwonea fahari. Kumbe nilikuwa nimeelewa nusu.

"Umemchoma," nikamwambia asubuhi ile ya macho.

"Nimemkausha."

"Baba."

Akaweka brashi chini. Alisema mwili utayeyuka kama kawaida, hakuna atakayejua, naye ataingia mtoni watu wakishaondoka akitoe kichwa kwenye matope. Alikuwa amepanga mpaka mahali pa kukiweka. Aliyaeleza haya kwa utulivu, kama anayeeleza bei ya mianzi, na utulivu ule ndio ulionitisha.

"Nimeshamzika mara moja," akasema. "Usinitume tena."

Mungu anisaidie, nilitaka kukubali. Uso wa mama ulikuwa mezani mbele yangu, mweupe kwa chaki, mahali pa macho patupu, na mimi nilikuwa na hamu naye kiasi cha kuuma meno. Nikachovya brashi. Lakini mkono ulikataa, kwa sababu niliyajua yanayofuata. Kuhani angekuja kuita pumzi ya Durga ikae humo ndani. Angemwogesha, si yeye mwenyewe, maana udongo mbichi haumwagiwi maji, bali kivuli chake kwenye kioo, na hilo lingefanywa kwa upole wote huo kwa ajili ya mwili dhaifu ambao udhaifu wake ungekuwa uongo wetu. Siku ya mwisho angeombwa arudi kwake. Na sisi tungekuwa tumemfungia mlango.

Nikamwambia baba siwezi kumtia macho asiyeweza kuondoka. Nikamwambia maneno ni ya mama, si yangu. Aliketi juu ya gunia la chaki. Nje mtu alikuwa akipiga misumari, na kila pigo baba alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka chai aliyoimimina ikaota ngozi.

Kisha akainuka, akafunua pipa la udongo, akachota. "Udongo uwahi ungali maji," akasema, lile neno lake la siku zote, lakini safari hii kwa sauti ambayo sikuijua. Akaleta kalibu. Nilimsaidia kukandamiza. Uso ulipotoka, mbichi, mweusi, unang'aa, aliushika kwa viganja viwili jinsi unavyomshika mgonjwa, akausawazisha kidevu kwa kidole gumba. Tulimkausha kwa jiko la mkaa kwa mbali, asije akapasuka, na siku iliyofuata nikamtia macho, moja, la pili, na lile la katikati ya paji. Tangu hapo hakuna aliyemgusa bila kunawa.

Siku ya kuagana baba hakutaka kwenda kwenye ukumbi wa ibada alikowekwa Durga. Nilimvuta. Kuhani alikuwa ameshakitosa kile kioo kwenye bakuli la maji, na wanawake wamejipanga kukitafuta kivuli cha miguu ya Durga ndani ya maji yale. Kwao siku hiyo si mungu anayeondoka. Ni binti aliyekuja kwao siku chache na sasa anarudi kwa mumewe, na wanamlilia kama binti. Mmoja mmoja walipanda ngazi, wakampangusa mashavu kwa majani ya tambuu, wakampaka unga mwekundu kwenye paji na miguuni, wakamlisha kitu kitamu, wakamnong'oneza sikioni. Wajane hawapandi, lakini mwenyekiti, kwa kuwa ni mwenyekiti, aliruhusiwa jani moja. Mimi nilikuwa nimeshika sinia chini yake.

Alimpangusa shavu la kulia. Alipofika la kushoto mkono ukasimama. Aliitazama ile nyusi. Alikitazama kidevu. Nilihesabu pumzi zangu, nikijua kwamba akishuka na kusema neno moja, karakana yetu imekwisha.

Akainamia sikio la udongo.

"Rudi tena, mama," akasema. "Nyumba ni yako."

Ndiyo maneno yanayosemwa kila mwaka, na kila mwanamke aliyasema. Siwezi kukuapia kwamba alimtambua. Aliposhuka hakunitazama, na lile jani hakulirudisha kwenye sinia, alilikunja akalishika. Baba alikuwa nyuma ya nguzo. Alikuwa amesikia. Alilia hapo kwa mara ya kwanza, kwa kelele, kama mtoto aliyeanguka, na watu wakampisha wakidhani ni uchaji.

Mtoni wanaume walimzungusha, wakamlaza chali majini. Rangi ilitangulia. Pua ikafuata, kisha kidevu, na macho niliyomtia yakaelea kidogo kama tope jeusi mpaka yakawa maji. Nyasi zikabaki. Baba alisimama maji yakimfika magotini, mikono kando, hakuokota kitu.

Kile kichwa kilichochomwa sikukiona tena karakanani, na sikuuliza. Nilidhani amekivunja.

Baba aliishi miaka tisa zaidi. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alikuwa akienda kwenye lile pipa la pembeni ambamo tunaloweka mabaki ya udongo ili yalainike yatumike tena. Alikunja shati, akatia mkono mpaka begani, akapapasa, akautoa, akaufuta. Niliona ni mazoea ya mzee. Alipofariki nikalimwaga pipa lile ili nilisafishe. Kile kichwa kilichochomwa kilitoka mwisho, kimejaa tope masikioni, na nyusi bado imepanda. Miaka tisa alikuwa amemloweka, akisubiri ayeyuke.

Nilimwosha. Nikamgonga shavuni, akalia. Nikakaa naye mapajani mpaka mshonaji akaja kuulizia Kuan Yin wake, kisha nikamrudisha pipani, nikajaza maji.