Dakika Moja Inatosha

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Nimeishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka, na Altaf alihitaji mtu wa namna hiyo kwenye kibanda chake cha madau pale machimboni, upande wa Bulyanhulu. Ilikuwa mwaka tisini na tano. Wachimbaji walikuwa wanagombea Kombe la Ng'ombe, kila duara, yaani kila shimo la kuchimbia, na timu yake, na Jumapili mtu aliyeshinda wiki nzima chini ya ardhi alikuwa tayari kuwekea dau hata nzi wawili ukutani.

Altaf alikuwa mtu wa Kahama, mwenye duka la vipuri, ambaye ujanani alifanya kazi Nairobi kwenye nyumba ya kubashiri farasi. Kanuni zake zote alizitoa huko, akanikaririsha kama katekisimu. Kwa timu kushinda, pokea mpaka elfu hamsini kwa mtu mmoja. Kwa jina la mchezaji, atafunga au atapata kadi, usizidishe elfu moja.

"Mbona kidogo hivyo, bosi?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Timu ina watu kumi na moja. Kuwanunua wote ni ghali. Kadi inataka mtu mmoja tu, mpumbavu mmoja na jioni moja. Halafu wao wanajua nani anaumwa goti. Mimi sijui. Ndiyo maana mlango ni mwembamba."

Dau la idadi ya mashuti alilikataa kabisa. "Nani atahesabu? Wewe utaona matano, mlevi ataona tisa, tutachapana."

Ubao ulikuwa na kanuni moja zaidi: mchezaji asipoingia uwanjani kabisa, dau linarudi, akiingia, hata kwa dakika moja, dau limesimama. Kwa Gulamali, mpokea madau mwenzake wa Tinde, ilikuwa tofauti. Kule mchezaji asipoanza, karatasi zote za jina lake zinafutwa na kila mtu anarudishiwa chake. Nilimwambia Altaf kanuni ya Gulamali ni safi zaidi. Akacheka. "Hela ikishaingia, unataka niirudishe rudishe kwa nini?"

Jumapili ya nusu fainali walicheza Kifusi na Duara Namba Tisa. Kifusi walikuwa na beki mmoja, Bujiku, mwenye miguu kama magogo ya mninga. Namba Tisa walikuwa na winga, Abel, mtoto wa pekee wa Scolastika muuza uji, ambaye wote tulimwita Mama Scolastika. Abel ndiye aliyekuwa akishuka shimoni kwa kamba na kuwalisha mama yake na wadogo wa marehemu baba yake. Asubuhi ile mama alikuja kibandani na shilingi mia tano.

"Shikamoo, baba. Mwandike Abel anafunga."

"Marahaba, mayo," nikamwitikia, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Wewe mlokole si ulisema hii ni dhambi?"

"Dhambi ni kumwekea mtoto wa mwenzako. Huyu ni wangu. Andika."

Nikaandika, tukacheka.

Baada yake wakaja wengine. Bujiku, kadi, elfu moja. Bujiku, kadi, elfu moja. Kufika mtu wa kumi nikaanza kuangalia noti. Mpya, hazijawahi kukunjwa, na namba zake zinafuatana. Machimboni noti mpya huletwa na wanunuzi wa dhahabu, na kwa mchimbaji haikai saa mbili bila kupakwa tope. Hizi zilitoka mfuko mmoja. Mtu mmoja alikuwa amekata dau lake vipande thelathini na nne na kuwagawia watu wampitishie kwenye ule mlango mwembamba.

Nikalifuta jina la Bujiku ubaoni na kumwita Altaf. Alitazama karatasi, akapiga hesabu midomoni. "Moja inazaa tatu. Laki na elfu mbili. Inauma, haiui. Umeona faida ya kikomo? Wangekuwa wanaweka hamsini hamsini, leo ningeuza duka."

"Na hizi tulizopokea?"

"Kanuni haijavunjwa. Kila mtu elfu yake. Nikifuta sasa watachoma kibanda." Akajikuna kidevu. "Labda Bujiku asicheze. Kocha wao si rafiki yako?"

Ignas, kocha wa Kifusi, alikuwa rafiki yangu kweli. Tulishawahi kuchimba shimo moja. Nilimkuta akigawa jezi, nikamvuta pembeni.

"Bujiku kanunuliwa apate kadi. Mweke nje."

"Nani kakwambia?"

"Noti zimeniambia. Mweke nje, bwana. Asipogusa uwanja hela zinarudi, yanaisha. Lakini asiguse kabisa, maana akiingia hata dakika moja, madau yamesimama."

"Hata dakika moja?"

"Hata moja."

Akatikisa kichwa taratibu. "Asante, ndugu yangu. Umenisaidia sana."

Nilirudi kibandani kifua mbele. Mpumbavu mimi.

Bujiku hakuanza. Alikaa benchi na jezi yake. Namba Tisa wakafunga kipindi cha pili, goli la mtu mwingine, siyo la Abel. Mama Scolastika alikuwa kando ya mstari na sufuria yake, anapiga kelele mpira apewe mwanawe. Dakika ya themanini na tano Ignas akanyoosha kidole, Bujiku akavua shati la juu na kuingia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu mwenye dakika tisini anaweza kutafuta kadi kwa ustaarabu: anapiga mpira mbali filimbi ikishalia, anamtukana refa kidogo. Mtu mwenye dakika tano, na refa mpole kama wa siku ile, mwalimu wa shule ya msingi, hana nafasi ya ustaarabu. Bujiku hakuutazama hata mpira. Alimfuata Abel pembeni, akaruka na miguu yote miwili.

Nimefanya kazi mashimoni. Najua mlio wa gogo la kuegemezea ukuta likikatika. Ugoko wa Abel ulilia hivyo hivyo.

Refa akatoa nyekundu. Kwetu njano na nyekundu zote ni kadi. Upande wa pili wa uwanja watu thelathini na wanne walishangilia, wakakimbilia kibandani kabla majeruhi hajanyanyuliwa. Walipanga foleni wakisukumana na kutaniana, nyuma yao pikapu inarudi kinyumenyume kumchukua Abel, hata mmoja hakugeuza shingo. Ignas alisimama mbali, mikono mfukoni, akihesabu migongo ya foleni. Sikuhitaji tena kuuliza mfuko ulikuwa wa nani, wala kwa nini Bujiku aliwekwa benchi kwanza: ili mimi nitulie.

Niliwalipa. Noti zile zile mpya.

"Elfu moja tu," Altaf alisema, akifuta jasho. "Kikomo kimetuokoa."

"Kimeokoa sanduku," nikasema. "Mguu hakijauokoa."

"Mguu siyo kazi yetu. Fainali utaandika mia tano, basi."

Mama Scolastika akaja wa mwisho. Khanga yake ilikuwa na damu. Aliweka karatasi yake mezani.

"Wamesema watamkata mguu. Nimeuliza tu, baba. Mtoto akivunjwa, dau linarudi?"

"Halirudi, mayo. Alikuwa ameshaingia uwanjani."

"Na la yule aliyemvunja?"

"Limelipwa."

Akaichukua karatasi yake. Nikampa Altaf chaki yake, nikazunguka meza, nikamwambia yote: noti, Ignas, na ile dakika moja niliyoitamka kwa mdomo wangu. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige.

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu alichokanyaga.

"Rudi kwenye meza yako," akasema, akaifuata pikapu kwa miguu.