Sitini Isiyofikia Riba

Nimepaka rangi mageti katika miji mingi mpaka siku hizi nikiliona geti tupu mkono unaniwasha. Mwaka ule nilikuwa nimejishikiza kwenye karakana ya Mama Geti, mwanamke aliyechomelea vyuma pamoja na mdogo wake wa kiume, tuliyemwita Nyundo. Wao walikata, wakaunga, wakasaga. Mimi nikapaka. Kiwanja na banda vilikuwa vyao, ila hati ilikuwa imelala kwenye kabati la kampuni ya mikopo, kwa sababu walinunua kwa mkopo wa milioni sita.

Walikuwa wameshalipa miaka miwili, elfu sitini kila mwezi, bila kuruka hata mwezi mmoja. Mama Geti alijivunia jambo hilo kuliko mageti yake. Mteja akimcheleweshea hela alikuwa anamwambia, "Mimi sidaiwi mara mbili, na wewe usijizoeze."

Siku moja alitaka kuomba nyongeza ya kununua mashine ya kukunjia nondo. Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akavaa gauni la kutokea, halafu akanigeukia.

"Mzee Brashi, twende wote. Mtu mwenye mvi akikaa pembeni huwa wanaongea polepole."

"Na mimi je?" Nyundo akauliza.

"Wewe ulisaini, utakuja. Ila mdomo uuache hapa."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Chini, kando ya duka, kuna kaunta ya kulipia na viti vya plastiki. Juu kuna afisa wa mikopo, mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akamsikiliza Mama Geti mpaka mwisho. Akabonyeza kompyuta yake.

"Mama, kwa nyongeza itakuwa ngumu. Deni lako sasa ni milioni sita, laki nane na elfu hamsini na tisa, na shilingi tano juu."

Mama Geti akatabasamu kama mtu aliyepewa risiti ya jirani. "Hiyo si yangu, kaka. Angalia vizuri. Yangu ni milioni tano, laki sita na arobaini."

"Umeipataje hiyo?"

Akamweleza, na nikaona Nyundo anaitikia kwa kichwa kila hatua. Milioni sita, riba kumi na nane kwa mia, inakuwa milioni saba na elfu themanini. Gawa kwa elfu sitini: miezi mia na kumi na minane. Mkataba ni wa miaka kumi, yaani miezi mia na ishirini. Kumbe miwili inabaki ya kupumzika. Toa miezi ishirini na minne iliyolipwa, umebaki na hiyo aliyoitaja.

Hesabu yake ilikuwa safi, na kosa lake lilikuwa la mafundi vyuma peke yao. Muuza mabomba wetu ndivyo alivyotukopesha siku zote: anaweka faida yake juu mara moja, basi, halafu unapunguza deni kidogo kidogo mpaka liishe. Sisi tulidhani kila anayekopesha duniani ni muuza mabomba.

Afisa hakucheka. Akageuza kioo cha kompyuta tukione.

"Kumi na nane ni ya kila mwaka, mama, na inahesabiwa kila mwezi: moja na nusu kwa kila mia ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza riba peke yake ilikuwa elfu tisini. Wewe ukaleta sitini."

"Nikaleta sitini, mlivyonitajia."

"Ndiyo. Ndicho kiwango cha chini cha kipindi chepesi, kile cha kulipa kidogo mwanzoni. Ile thelathini iliyopungua tuliongeza kwenye deni. Mwezi wa pili unadaiwa milioni sita na elfu thelathini, riba ikawa elfu tisini na mia nne hamsini. Ukaleta sitini. Tena kilichopungua kikapanda juu. Hivyo hivyo mpaka leo."

Chini mtu alikuwa anajaribu viatu. Tulisikia kisigino kikigonga sakafu.

"Kwa hiyo," Mama Geti akasema taratibu, "hela yangu yote hiyo haijagusa deni."

"Haijagusa. Imelipa sehemu ya riba."

"Na riba isiyolipwa imezaa riba nyingine."

"Ndivyo ilivyo. Imeandikwa kwenye mkataba."

"Najua imeandikwa. Nakuuliza kama wewe ulinisomea."

Afisa akanyoosha kola. "Nilikwambia malipo ni mepesi, mama. Hilo nilikwambia."

Kisha akatueleza kinachokuja. Deni likifika milioni sita na laki tisa, kipindi chepesi kinakufa, na malipo yanapangwa upya ili deni liishe ndani ya miaka minane iliyobaki. Itakuwa kama laki moja na elfu thelathini na tano kwa mwezi. Akileta tena sitini mwezi huu, kikomo hicho atakivuka. Na akishindwa kiwango kipya miezi mitatu mfululizo, hati itatoka kabatini, lakini si kwa kurudi kwake.

"Ila ipo njia," akasema, sauti imelainika. "Tunafunga huu mkopo, tunafungua mpya wa milioni saba na laki mbili, gharama zote humo humo. Unaanza tena kipindi chepesi. Elfu sabini tu kwa mwezi."

Nyundo akavuta kiti mbele. "Sabini tunaiweza, dada."

"Riba ya huo mpya ni ngapi kwa mwezi?" dada yake akamuuliza afisa.

Afisa akabonyeza. "Laki moja na elfu nane."

"Na mimi nilete sabini."

"Ndiyo, mama."

"Kaka, wewe una watoto?"

"Wawili."

"Ungemlisha mmoja hivyo?" Akasimama, akachukua mkoba wake. "Huo mpya mpe mtu anayekuchukia. Mimi nitalipa huu huu."

Njiani Nyundo alinung'unika mpaka mate yakamkauka. Laki na thelathini na tano wataitoa wapi? Mabomba yamepanda, wateja wanalipa nusu na kupotea. Tukafika karakana. Mama Geti akasimama katikati ya banda, akaitazama dari, akalitazama na lile ghala dogo la nyuma tulilotupia vipande vya mabati.

"Kodi ya nyumba tunayolala ni ngapi?"

"Themanini," Nyundo akajibu, halafu uso ukambadilika. "Hapana, dada."

"Themanini na sitini?"

"Dada, mimi ni kijana. Nataka kuoa. Nitamleta mtu alale katikati ya mageti?"

"Akikupenda atajifunza kufungua kufuli."

"Usiku kuna baridi ya chuma hapa. Na choo je?"

"Choo kipo. Mwenye nyumba yule ninamlipa nisipoteze pa kulala, huku ninapoteza pa kufanyia kazi. Hiyo ni akili gani, Nyundo? Laki na arobaini. Inazidi riba. Kama inazidi riba, inakula deni. Mimi sitaki kingine."

Nyundo aliususia mjadala siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta anaunga vitanda viwili vya bomba, uso umekunjwa nyuma ya kinyago, cheche zinaruka kwa hasira kuliko kawaida. "Usiniangalie, mzee," akasema. "Naunda tu. Sijakubali." Mimi nikapaka ghala chokaa nyeupe, kuta zote nne, na nikaweka mstari wa bluu chini ili pasionekane kama ghala. Mwisho wa mwezi wakahama kwa mkokoteni.

Siku ya kulipa Mama Geti alinichukua tena. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wakisogea kimoja kimoja. Alipofika kaunta akaweka laki na arobaini. Msichana wa kaunta akahesabu, akabonyeza, akatoa risiti. Mama Geti akaisoma palepale, kidole kinafuata mistari.

"Hii themanini imekwenda wapi?"

"Sitini ni malipo ya mwezi huu. Themanini tumekutunzia, mama, itakatwa miezi ijayo. Mwezi ujao huna haja ya kuja."

"Deni langu limekuwa ngapi?"

Msichana akaangalia. "Milioni sita, laki tisa na elfu moja mia nane tisini."

"Limepanda."

"Kidogo."

"Nimeleta laki na arobaini, deni limepanda."

"Mfumo ndio unavyopanga, mama. Anayefuata."

Mama Geti hakusogea. Aliweka viganja viwili juu ya kaunta, vile viganja vyenye alama za moto mpaka kwenye vifundo, akatulia kama anasubiri rangi ikauke.

"Mama, kuna watu nyuma yako."

"Nawaona. Watanivumilia. Hela yangu yote iingie kwenye deni leo, riba kwanza, inayobaki ikate mzigo wenyewe. Mkiitunza huko pembeni, riba inaendelea kula kama sijaleta kitu."

"Mpaka afisa aidhinishe."

"Basi muite. Mimi ninasimama mchana kutwa, ndiyo kazi yangu."

Nyuma yetu mwanaume mmoja akaguna kwamba ana haraka. Mwanamke aliyekaa naye, mwenye ndoo ya samaki wabichi, akamwambia anyamaze, anataka kusikia.

Afisa akateremka. Alimwangalia Mama Geti, akaangalia foleni ilivyonyoosha shingo, akavuta pumzi.

"Mkataba unamkataza kulipa zaidi?" nikauliza, maana ndiyo sababu ya kuletwa mimi na mvi zangu.

"Haumkatazi, mzee. Ni kwamba hakuna anayeomba."

"Ameomba," nikasema.

Akaingia nyuma ya kaunta, akamsogeza msichana, akafuta, akapanga upya. Ilichukua muda. Risiti ya pili ilipotoka akaisoma mwenyewe kwa sauti ndogo. "Riba, laki moja na elfu mbili mia nane themanini na tano. Imelipwa yote. Elfu thelathini na saba mia moja na kumi na tano imekata deni. Limebaki milioni sita, laki nane, elfu ishirini na moja mia nane tisini."

"Limeshuka."

"Limeshuka, mama. Lakini bado ni kubwa kuliko ulilochukua. Na kwa kuwa hujafika kikomo, mwezi ujao unaruhusiwa bado kulipa sitini ukibanwa."

"Hiyo ruhusa baki nayo. Na mwezi ujao sitaki kumpigia mtu kelele hapa. Andika huko kwenye mashine yako kwamba hela ya karakana haitunzwi."

Akaandika. Nilimwona akiandika.

Tulikuwa tunageuka kuondoka, mwanamke wa ndoo ya samaki alipomshika Mama Geti mkono. "Dada, mimi nalipa elfu arobaini. Mwaka sasa. Na langu linapanda?"

"Mimi sijui lako, dada yangu. Muulize huyo hapo. Mwambie akutajie riba ya mwezi mmoja, hiyo tu. Kama ni zaidi ya arobaini, jibu umelipata."

Mwanamke akasogea kaunta na ndoo yake, akauliza. Afisa, ambaye alishakanyaga ngazi ya kwanza kurudi juu, akasimama. Nyuma ya mwanamke yule mwanaume mwenye haraka akasema yeye hana haraka tena, naye atajiwe yake. Mwingine akainuka kwenye kiti. Nilipofika mlangoni nikasikia msichana wa kaunta akimwambia mwenye ndoo, "Elfu hamsini na mbili," na foleni nzima ikasogea kaunta.