Barua ya Alima Isiyo na Mhuri

Ndugu zangu wote ni watu wa biashara. Mmoja anauza unga na mafuta kwa jumla, mwingine ana malori yanayokwenda hadi mpakani, na wote wawili wananiona mimi ndiye niliyepotea, kwa sababu nilichagua karatasi. Ninaitwa Kasereka Séverin. Nina mwaka wa kumi na tisa sasa ndani ya chumba changu katikati ya Lubumbashi, na kompyuta mbili, mashine ya kuchapisha na skana inayokohoa, nikiwaandikia watu barua za kazi, za kiwanja, za ndoa, na siku hizi barua pepe. Najua kazi yangu. Angalau ndivyo nilivyokuwa nikisema hadi mwaka huu.

Mama Alima aliingia siku moja mwishoni mwa Machi, kitambaa cha kichwani kimekaa upande kwa haraka aliyokuja nayo. Ni mkunga katika zahanati ndogo ya Naviundu. Wanangu wawili wa mwisho wamepita mikononi mwake, kwa hiyo kwangu hapangi foleni. Aliweka simu juu ya meza, akaisukuma kwangu kwa kidole.

"Papa Séverin, soma. Miye nimesoma mara tatu, na sisadiki."

Nikasoma. Mkutano mkubwa wa wakunga huko Ulaya, mjini Porto, kuanzia tarehe kumi na moja hadi kumi na tatu Juni, umekubali maelezo aliyoyatuma. Wanamwita akasimame mbele ya watu aeleze jambo alilolifanya Naviundu kwa miaka minne. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati na mama yake yuko hoi, Alima anamvua baba shati, anamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na baba anakaa hivyo siku nzima. Mwanzoni wanaume walimcheka. Sasa wanaitana wenyewe.

"Ku mujini banafikiri ni miye nilitunga hesabu ya bale batoto," akasema. "Mukubwa mumoja wa mujini aliniambia mu uso: mwanaume wa Lubumbashi hawezi kubeba mutoto vile. Nataka niseme kule, mbele ya bantu, na mapicha. Kisha nikirudia, hakuna mwenye atanifungia ile salle."

Hilo ndilo lililokuwa hatarini. Zahanati ilitaka ile salle, chumba wanamokaa akina baba na watoto vifuani, kiwe stoo, na yeye hakuwa na kitu kingine cha kukitetea isipokuwa hiyo safari. Miadi ya viza alikuwa ameshaipata kwenye kituo cha maombi, Kinshasa, tarehe sita Mei saa nne asubuhi. Tiketi na hoteli vinalipwa na mkutano. Kilichobaki ni barua rasmi ya mwaliko.

Nikanyoosha vidole. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, kwa kumwomba mheshimiwa katibu wa mkutano, kwa unyenyekevu mkubwa na heshima zote zinazostahili, atutupie jicho lake la huruma. Aya ya tatu ilipofika, Alima alikuwa akicheka amejifunika mdomo.

"Papa, huyu mama katibu iko na kazi. Mwambie tu kitu tunataka."

Nilinuna kidogo, kisha nikafuta. Tukaandika pamoja, kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili ilisema hivi: Mimi ni Amisi Sefu Alima, mkunga, na maelezo yangu yamekubaliwa katika mkutano wenu. Naomba barua rasmi ya mwaliko kwa ajili ya ombi la viza, iandikwe kwa ofisi ya viza ya ubalozi. Tafadhali itaje majina yangu yote kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, siku na mahali pa mkutano, kichwa cha mada nitakayoitoa, na kwamba nauli na malazi vinagharimiwa nanyi. Miadi yangu ni tarehe sita Mei. Tukaambatisha nakala ya ukurasa wa pasipoti na ile barua ya kukubaliwa. Ilikuwa barua pepe safi, nakiri, na usafi wake ulikuwa wa Alima.

Bi Marta, katibu wa mkutano, alijibu baada ya siku mbili. Aliambatisha barua ya ukurasa mmoja. Kila kitu tulichoomba kilikuwamo: majina sawasawa, namba ya pasipoti, tarehe, gharama, nembo ya mkutano juu, jina na simu ya mtu wa kuulizwa chini, sahihi, na namba ya barua ambayo ubalozi ungeweza kuihakiki. Alima alikipiga busu kioo cha kompyuta yangu.

Mimi nikautafuta mhuri chini ya sahihi. Pakavu.

"Cachet iko wapi?" nikauliza.

"Cachet gani?"

"Mama Alima, barua haina na cachet! Hii ni karatasi tu. Unaenda na hii Kinshasa, banaitupa."

Msomaji, usinicheke bado. Katika mji huu nimeona cheti cha kuzaliwa kikirudishwa kwa sababu mhuri umeangukia pembeni ya sahihi badala ya juu yake. Nimeona mjane akitumwa tena Jumatatu, na Jumatatu nyingine, kwa sababu wino wa mhuri ulikuwa hafifu. Hapa kwetu sahihi ni maneno tu, mhuri ndio unaosema kweli. Sikuwahi kujiuliza kama huko kwingine watu wanaishi bila huo.

Alima alisita. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko yote. "Lakini papa, si yeye mwenyewe anaandika inatosha? Niende tu na hii."

"Weye unazalisha, miye naandika," nikamwambia. "Nilikufundishaka namna ya kuzalisha?"

Akacheka, akanipa heshima yangu. Nikaandika barua pepe ya pili, safari hii bila yeye kunikata. Nikaomba barua halisi, yenye sahihi ya mkono na mhuri wa taasisi, itumwe kwa msafirishaji wa vifurushi, nikasema kwamba bila mhuri barua haiwezi kukubaliwa.

Jibu la Bi Marta lilikuja wiki iliyofuata, la upole kabisa. Alisema kwa kawaida wao hawatumii mhuri, na balozi huwa hazidai, lakini kama Alima anauhitaji watajitahidi. Mwishoni aliongeza kwamba mtu mmoja hawezi kuwa na barua mbili zinazofanya kazi, kwa hiyo ile ya kwanza wameifuta na mpya itakuwa na namba yake. Nilimsomea Alima maneno hayo kwa sauti, kwa furaha. Nilikuwa nimeshinda.

Aprili ikaanza kutembea. Tarehe kumi na tano, kimya. Tarehe ishirini na mbili Bi Marta aliandika kwamba bahasha imetumwa, na akatupa namba ya kuifuatilia. Kila asubuhi Alima alipitia kwangu kabla ya zamu, nami nikaiingiza ile namba. Imetoka Porto. Imepita Brussels. Imefika Kinshasa. Halafu ikakaa Kinshasa, siku ya kwanza, ya pili, ya tano, na neno moja tu: inasubiri.

Tarehe thelathini nilimwandikia Bi Marta atutumie walau picha ya barua mpya. Likaja jibu linalojituma lenyewe: yuko likizo hadi tarehe kumi na moja Mei, kwa jambo la haraka piga simu ofisini. Tukapiga. Iliita tu. Tukapiga kesho yake, ikawa sikukuu ya wafanyakazi, huko kama hapa. Tukajaribu kuahirisha miadi. Nafasi iliyo karibu ilikuwa tarehe tisa Juni, na mkutano ni tarehe kumi na moja.

Alima akasema, "Basi naenda. Nitapita kwanza ku bureau ya colis, nachukua barua yangu, kisha naenda."

Alipanda ndege. Tarehe tano Mei mchana alinipigia akiwa Kinshasa, katika ofisi ya vifurushi, na nyuma yake nilisikia feni na watu wakibishana. Bahasha yake ilikuwa nyuma ya ukuta, mita chache kutoka pale aliposimama. Karani wa dirishani aliiona kwenye kompyuta. Lakini iliandikwa Lubumbashi, kwa hiyo ilipaswa kuchukuliwa Lubumbashi. Alionyesha pasipoti. Alionyesha miadi. Aliombwa fomu ya kubadilisha anwani, na fomu hiyo hujazwa na aliyetuma.

"Papa, iko pale," akasema. "Miye niko hapa, yeye iko pale."

 Mimi, mtu anayeuza maneno, nikaiingiza tena ile namba: inasubiri.

Kesho yake aliwasilisha ile barua ya kwanza, ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na alama za vidole vyake, na picha za akina baba. Walipokea kila kitu bila kuuliza mhuri. Hakuna hata mmoja aliyeutaja. Tarehe ishirini na sita pasipoti ilirudi na karatasi ya kukataliwa. Alama iliwekwa kwenye mstari unaosema maelezo kuhusu sababu ya safari hayaaminiki. Barua ilipohakikiwa, namba yake ilikuwa imefutwa.

Bi Marta, aliporudi, alituma nakala ya barua mpya na maneno marefu ya kusikitika, akaandika hata ubalozini. Tukaambiwa kukata rufaa kunachukua muda mrefu kuliko siku zilizobaki. Siku ya mkutano walitundika bango la mada yake, na mtu mwingine akalisoma. Naviundu, stoo ikahamia chumba cha akina baba kabla Juni haijaisha. Nilijichukia, na bado najichukia, hilo sitalipamba.

Bahasha ilifika Julai. Alima aliileta kwangu bila kuifungua, akakaa, akanipa mkasi. Ndani kulikuwa na barua nzuri, karatasi nzito, sahihi ya wino wa bluu, na juu ya sahihi, sawasawa kama tunavyopenda, mhuri wa mviringo, wino mweusi mzito, kila herufi imesimama. Karatasi ndogo ilikuwa imebanwa pembeni, kwa mkono wa Bi Marta: Samahani kwa kuchelewa. Hatukuwa na mhuri kabisa, ilibidi tuagize ukachongwe kwa ajili yako.

Nilimsomea. Nikaurudia mstari wa mwisho. Alima alipitisha kidole juu ya ule mhuri, polepole, kama anavyopapasa utosi wa mtoto.

"Muandikie asanti," akasema. "Alisumbuka sana. Mwambie cachet iko muzuri."

"Na ingine?"

"Ni ile tu, papa."

Nikageukia kompyuta, nikaandika hivyo hivyo, bila kuongeza hata neno moja, nikatuma.