Kilo Zilizopotea kwenye Kaushio

Jina la Mizani alipewa na makuli wa ghala la nafaka, alikopima magunia kwa miaka thelathini na moja bila kukosea hata robo. Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani pamoja na ile mizani yake ya jukwaa, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeweza kuisukuma bila kuumia mgongo. Saa mpaka leo imo kwenye boksi. Mizani ipo sebuleni karibu na redio, na mgeni yeyote akiingia huisogelea akidhani ni kiti.

Huyu bwana alikuwa na imani moja tu hapa duniani: uzito hauondoki wenyewe. Gunia likipungua, kuna mtu amelipunguza, na mtu huyo ana mikono na jina. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo akuangalizie embe zinazokauka, halafu ukae ukitegemea usalama.

Mkewe hakuwa na la kufanya. Dada yake alikuwa amejifungua mapacha na alihitajika huko kwa wiki nzima, na wiki hiyohiyo ndiyo alikuwa na kazi ya maisha yake. Mama mmoja mwenye duka kubwa mjini alikuwa ameagiza pakiti mia moja za embe kavu, gramu mia kila moja, na alisema wazi kwamba zikimridhisha atampa rafu yake mwenyewe mwaka mzima. Zisipomridhisha, ndiyo basi tena. Miaka yote mkewe alikuwa akiuza embe mbichi msimu ambao kila mtu ana embe, wakati hata mbuzi wanazipita wakiangalia pembeni. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

Nyuma ya nyumba alikuwa na makaushio matatu: masanduku marefu ya mbao yenye miguu, juu nailoni ngumu inayopitisha jua, ndani trei za wavu, na ubavuni matundu yenye chandarua ili hewa ipite na nzi wabaki na hamu zao. Jumatatu asubuhi alimenya embe zote, akazikata vipande vyenye unene mmoja, akavichovya kwenye maji ya limau visiwe vyeusi, akavipanga bila kugusana. Kisha akamshika mumewe bega.

"Baba, nisikilize. Usitoe mpaka kipande kipinde kama ngozi ya mkanda. Kisinate mkononi. Ukikibana kisitoe hata tone. Ukishatoa, viache vipoe kabisa ndipo ufunge. Umenielewa?"

"Mimi nimepokea magunia ya serikali," alijibu Mizani kwa kuudhika. "Embe zitanishinda?"

Mama akabeba kapu lake akaenda, moyo wake ukabaki kwenye makaushio.

Mizani alikuwa ameshapima kila kitu, maana ndivyo alivyo. Embe nzima, kilo sitini. Vipande baada ya kutoa maganda na kokwa, kilo thelathini na tatu. Akaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, kama alivyokuwa akiandika ghalani. Jumanne asubuhi akatoa trei, akapima tena. Ishirini na mbili.

Akapima mara ya pili. Akapangusa mizani, akapuliza vumbi, akapima mara ya tatu. Kilo kumi na moja zilikuwa zimetoweka tangu jana, na mlango wa uani ulikuwa umefungwa.

"Tumeibiwa," alisema kwa sauti ndogo, na usoni akaonekana kama amepungua miaka kumi, kwa sababu hakuna kilichomfurahisha ghalani kama mwizi.

Mtuhumiwa hakuwa mbali. Upande wa pili wa ukuta aliishi fundi cherehani, mtu mwenye tumbo la kuridhika, na asubuhi hiyo alikuwa akichokoa meno kwa sindano. Mizani akamsogelea, akamkodolea macho mdomoni.

"Hizo nyuzi za nini, jirani?"

"Za embe. Shemeji alinipa kokwa jana nifyonze."

"Kokwa ngapi?"

"Jirani, nani anahesabu kokwa?"

Mtu asiyehesabu! Mizani aliona ushahidi umekamilika. Akamwaga majivu kuzunguka makaushio ili apate nyayo, akaweka kiti katikati, akakaa juani na kofia ya pama kichwani. Na kwa kuwa ni mtu wa haki, akamwomba fundi apande kwenye mizani saa tatu asubuhi na tena jioni, ili embe zikiingia tumboni mwake zionekane. Fundi, ambaye siku hiyo hakuwa na mteja, akakubali.

Jioni ikafika. Majivu hayakuwa na alama ila nyayo za Mizani mwenyewe na kuku mmoja. Embe zilikuwa kilo kumi na tano. Fundi naye alikuwa amepungua nusu kilo.

"Umeona?" alisema fundi kwa kuhamaki. "Hata mimi nimeibiwa!"

Kila mmoja akamtazama mwenzake kwa wasiwasi. Ndipo fundi akakuna tumbo lake, akasema, "Lakini jirani, mimi nikianika shati lililoloa, likikauka linakuwa jepesi. Pale nani kaiba?"

Mizani akageukia makaushio. Maji. Yalikuwa yanapanda hewani mbele ya macho yake, mchana kweupe, na yeye amekaa kama pambo. Mwingine angecheka, akaenda zake kunywa chai. Yeye alizidi kukasirika. Maji yale yalikuwa yamo ndani ya embe, na embe zilikuwa za mkewe. Iweje jua lijichukulie bure? Na kuna jambo lililomtia hofu zaidi. Pakiti mia za gramu mia ni kilo kumi. Kwa mwendo ule kilo kumi zingepita kesho mchana na kuendelea kushuka. Mke wake, masikini, hakujua kupiga hesabu. Ilibidi mtu amwokoe.

Basi Jumatano saa saba mchana mizani iliposoma kilo kumi barabara, Mizani akapiga kelele kama refa, akaondoa trei zote juani. Vipande vilipinda vizuri. Vilinata pia, lakini kunata aliona ni utamu. Kupoa? Vikipoa si vitaendelea kupungua! Akavipakia vingali moto, akafunga kwa mashine ile ya umeme inayobana mdomo wa pakiti, akabandika lebo zilizoandikwa tarehe, uzito na jina la bidhaa. Pakiti mia kamili. Alilala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Mama alirudi Jumatatu asubuhi, saa moja kabla ya mwenye duka kufika. Kabla hajatua kapu, mumewe akamshika mkono mpaka sebuleni, palipokuwa na maboksi yamepangwa.

"Mia, kasoro moja niliyompa fundi kumwomba radhi," alisema Mizani, kifua mbele.

"Mia kutoka wapi?" Mama aliuliza, na sauti yake ikapungua kadiri alivyosema. "Baba, zile embe zilitakiwa kutoa sitini na tano. Thelathini na tano nilishafunga mwezi uliopita. Zimo kwenye debe uvunguni."

Mizani hakuwahi kuinama kutazama uvunguni tangu mgongo umuanze. Ndipo gari likapiga honi mlangoni.

Mwenye duka alikuwa mama mfupi wa miwani, asiyecheka kabla ya biashara. Alikaa juu ya mizani akidhani ni kiti, ikasoma, akainuka haraka. Mizani akafungua boksi la kwanza kwa mbwembwe.

Pakiti zilikuwa zimevimba. Zilikuwa duara, zinang'aa, zimejaa ukungu na matone kwa ndani, na moja ilijiviringisha yenyewe ikadondoka sakafuni.

"Zimenenepa," alisema Mizani, akijitahidi kuonekana kama alitarajia.

Mwenye duka akaiokota, akaibonyeza kidogo. Ikapasuka pwaa! Kipande kikaruka, kikamnasa kwenye kioo cha kushoto cha miwani, na sebule yote ikanuka pombe. Mlangoni akatokea fundi cherehani, mashavu yakimmeremeta.

"Shemeji, karibu nyumbani! Kama ile pakiti aliyonipa jirani kuniomba radhi, hebu niuzie nyingine mbili."

Mama akakaa chini. Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu, moja baada ya jingine, na katika ndoa ya miaka yote ile Mizani alikuwa hajawahi kumwona mkewe akilia juu ya embe. Akaenda chumbani. Wakasikia kitanda kikikwaruza, wakasikia mtu akiguna "mgongo wangu!" Akarudi amekumbatia debe.

Zilikuwa pakiti thelathini na tano bapa, kavu, bila unyevu. Mwenye duka, akiwa bado anapangusa miwani, akafungua moja. Akapinda kipande, akakibana kwa kidole na gumba, akatafuna. Akatafuna tena.

"Hizi ni nzuri," alisema. "Lakini bei yako, mama, ni ya kuniua. Kwa bei ya pakiti moja, sokoni napata nusu ndoo ya embe. Punguza nusu tuzungumze."

Mama akafuta macho. Siku zote hapo ndipo alipokuwa anashindwa. Mtu akitaja bei ya sokoni, ulimi unamkauka. Alishafungua mdomo akubali.

"Samahani," alisema Mizani. "Njoo huku jikoni."

Akafunga mlango wa jikoni ili waone nyuma yake, akaonyesha chaki kwa kidole. "Kilo sitini niliweka mimi kwenye mizani. Maganda na kokwa, ishirini na saba, nje. Kila siku maji yanaondoka. Nilikaa juani kumtafuta mwizi, hakuna mwizi. Mpaka zikauke kama hizi zako unazotafuna, zinabaki kilo sita na nusu. Pakiti moja unayoishika, mama, imemeza karibu kilo nzima ya embe. Hapo bado mikono yake, limau, pakiti na lebo. Mimi nilijaribu kukuuzia yale maji, na umeona yamekuingia jichoni. Na baada ya miezi mitatu, msimu ukiisha, hiyo nusu ndoo utaipata wapi?"

Mwenye duka akausoma mlango toka juu mpaka chini. Akatoa kalamu, akaandika namba hizo mkononi.

"Nachukua thelathini na tano kwa bei hiyohiyo," alisema. "Sitini na tano zilizobaki baada ya wiki moja. Lakini huyu mzee asifunge pakiti."

"Hafungi!" Mama na fundi walijibu kwa pamoja.

Wiki ile Mama alimenya embe nyingine, na Mizani akaweka chaki chini, akashika trei. Alizibeba juani na kuzirudisha, akazipima, akatazama kilo zikipaa na hakuita mtu yeyote mwizi, ingawa midomo ilimcheza. Mwenye duka alichukua sitini na tano zote, na rafu ikapatikana.

Jioni ile Mizani akapanda juu ya mizani yake, akashtuka.

"Mama! Njoo haraka! Nimepungua kilo tatu!"

Mkewe akaja akifuta mikono, akatazama namba, kisha akamtazama yeye, mweusi kwa jua, mashavu yamebonyea. Akambana mkono kwa kidole na gumba, akaupinda kidogo, akacheka mpaka akashika mlango.

"Usiogope, mume wangu," alisema. "Umekauka tu. Sasa ndiyo siwezi kukuuza kwa bei ya sokoni."