Akiba ya Ngazi

Dorika alikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo hapo Itigi, karibu na stesheni. Mwanzoni mwa mwaka 1995 meneja wake, Damiani, alileta mpango alioupa jina la Akiba ya Ngazi. Mwanachama aliweka elfu ishirini Januari ya kwanza, kisha kila Januari akaongeza elfu tano juu ya kiwango cha mwaka uliopita, hadi elfu arobaini mwaka wa tano. Riba ilikuwa asilimia kumi kwa mwaka, nayo iliachwa humo izae. Karatasi ya matangazo ilisema mwishoni mtu angechukua 268,624.

Dorika aliisambaza karatasi hiyo kwa moyo wote. Aliyemshawishi kwanza ni shangazi yake, Marietha, muuza asali ya Rungwa. Mwaka wa tano asali ilikuwa haba, shangazi akauza mtamba wake ili apate ile elfu arobaini.

Desemba 1999 Dorika alikaa kumwandalia malipo. Mwaka wa kwanza ulifunga na 22,000. Akaongeza 25,000 na riba, ikawa 51,700. Uliofuata, 89,870, kisha 137,357. Wa tano ulimpa 195,092. Alirudia, ikaja ileile.

Akampelekea Damiani. Damiani alikuwa anakula mishikaki mezani, mafuta yamemchuruzika hadi kwenye leja.

“Ile ya kwenye karatasi ni ya mtu anayeweka elfu arobaini tangu mwaka wa kwanza,” alisema, akichokoa meno. “Ungewaambia laki moja na tisini na tano, wangejiunga?”

Kumbe alijua tangu mwanzo. Dorika alimtazama akilamba vidole. Kilichomuuma zaidi ni kukumbuka kwamba yeye mwenyewe alilipwa shilingi mia tano kwa kila aliyemwandikisha, shangazi yake akiwemo.

Asubuhi Marietha alikuja, amevaa kitenge cha kanisani. Dorika alimwamkia shikamoo, kisha akamweleza mbele ya wote waliokuwa kwenye foleni.

“Shangazi, kila fedha imezaa kwa muda iliokaa tu. Arobaini yako ya mwisho imekaa mwaka mmoja, imezaa elfu nne. Karatasi ilihesabu kana kwamba uliweka arobaini kila mwaka. Ni uongo, na mimi ndiye niliyekuletea.”

Marietha alizihesabu noti alizopewa polepole, akazifunga kwenye upindo wa kitenge.

“Meneja simjui,” alisema. “Niliweka kwa sababu ni wewe.”

Aliondoka bila kuaga.

Habari ilienea hadi Manyoni. Bodi ilikutana, ikaamuru karatasi zichomwe. Damiani ikamwacha kitini pake. Dorika aliacha kazi, akawatafuta mmoja mmoja wale arobaini na watatu aliowaandikisha, akawaonyesha hesabu yao ya kweli, akawarudishia mia tano zao kutoka mshahara wake wa mwisho. Wengine walizipokea. Mzee Mughwai, fundi wa reli, alizitazama kiganjani mwake, akaziangusha mchangani na kujifuta mkono kwenye suruali.

Dorika hakuziokota.