Sita ya Berlin

Hebu niambie, wewe ungempa ngapi? Swali liliuliza habari za Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885: alama mbili za chanzo, nane za matokeo manne. Mtahiniwa akaandika mwaka 1878, ugomvi wa Urusi na Uturuki, na, kama tokeo la kwanza, Bulgaria kukatwa vipande. Huo ni mkutano mwingine, ila mji ni ule ule. Kisha, tokeo la pili hadi la nne, akaeleza vizuri kabisa: meli kupita huru mto Kongo, taifa kulikalia kweli eneo la pwani linalolidai, na kuwaarifu wenzake. Hayo ndiyo yaliyoulizwa.

Msahihishaji aliandika sita, akaifuta, akairudisha. Kiti hakikumkalisha. Wiki hiyo kiongozi wa meza, anayekagua kazi ya wasahihishaji, alikuwa ameshambadilishia alama mara mbili, na ya tatu ilikuwa kufungasha na kurudi nyumbani.

"Dada, hiyo karatasi itaota mizizi," jirani yake akamtania.

Kiongozi akaichukua, akasoma mistari ya juu tu. "Sifuri. Kajibu mkutano mwingine huyu."

"Sawa, Mzee." Akapokea karatasi, akaishika kalamu, na macho yakaangukia tena Kongo. Akasimama.

"Hapana, Mzee. Chanzo nimemkata, Bulgaria nimemkata. Nikimkata na hayo mengine, namwadhibu tena kwa kosa lile lile. Soma mpaka chini. Mimi nimempa sita, na sita siifuti."